Ticha Mstaafu na Hesabu za Kutoa: Mwongozo wa Kuanzisha Masomo ya Barazani

Mwalimu wa serikali nchini Uganda hustaafu akifika miaka 60. Ticha wa hadithi hii alipofikia umri huo alikuwa amefundisha darasa la nne na la tano kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Alibaki Walukuba, Jinja, mtaa wa nyumba za wafanyakazi uliojengwa enzi za mkoloni, ambako Msoga, Mteso, Mjaluo na Mlugbara wakikutana bombani huongea Kiswahili. Pensheni ilimfikia, lakini ilimalizwa na dawa za presha na chakula cha wajukuu. Kazi aliitaka, ila si ya kusimama kutwa nzima mbele ya watoto tisini. Magoti yalikuwa yamekataa, na sauti ilishaanza kukwaruza.

Nitasimulia alivyoanzisha masomo barazani kwake hatua kwa hatua, pamoja na hesabu zenyewe alizofundisha, maana siri ya kipato chake imo ndani ya hizo hesabu.

Chagua kitu kimoja, na ukatae PLE

Habari za kustaafu kwake ziliposambaa, wa kwanza kubisha hodi walikuwa wazazi wa darasa la saba. Walitaka kochingi ya mtihani wa PLE, ule wa kumaliza shule ya msingi unaotungwa na UNEB, baraza la mitihani la taifa, na kufanywa Novemba, wenye karatasi nne: Hesabu, Sayansi, Kiingereza na Elimu ya Jamii. Fedha ilikuwepo na wazazi walikuwa tayari kulipa. Hata hivyo Ticha aliwakatalia, na kwa maoni yangu huo ndio uamuzi uliomwokoa.

Mzazi wa darasa la saba huja muhula wa tatu, mtoto akiwa na mapengo ya miaka minne, naye anataka daraja la kwanza. Daraja hilo linahitaji jumla ya alama kati ya 4 na 12 kwa karatasi zote nne, ambako alama ndogo ndiyo bora, kwa hiyo mwalimu wa hesabu peke yake hawezi kuliahidi. Mtoto akipata daraja la tatu lawama zote ni za Ticha, na mtaani habari ya lawama hukimbia kuliko bodaboda. Isitoshe, kuandaa karatasi nne ni kazi ya usiku, na mstaafu hakustaafu ili akeshe.

Badala yake alichagua watoto wa darasa la nne na la tano, somo moja, hesabu za namba kamili: kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya. Aliijua sehemu hiyo kuliko walimu wengi vijana, na alijua pia mahali watoto wanapopotelea. Mara nyingi ni kwenye kutoa, pale tarakimu ya juu inapokuwa ndogo kuliko ya chini. Mtoto asipopaelewa hapo, kugawanya kwa njia ndefu kutamshinda, desimali zitamshinda, na akifika darasa la saba anakuwa yule mtoto anayeletwa Oktoba.

Mwalimu mwingine anaweza kuchagua kitu kingine, kama kusoma au mwandiko. La muhimu ni kwamba mzazi aweze kukitaja kwa jirani kwa sentensi moja. "Mpeleke kwa Ticha, anafundisha kutoa" ni tangazo tosha.

Baraza, mwenyekiti na sheria

Kabla ya kumwita mtoto yeyote alikwenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya mtaa, akamweleza: watoto wanane, barazani, siku tatu kwa wiki. Kisha akaongea na majirani wanaotumia ua mmoja naye, kwa sababu kelele za watoto zikianza bila taarifa huzaa ugomvi ambao hata mwenyekiti huchoka kuuamua.

Alifundishia barazani kwa makusudi, mlango wazi na kila apitaye akiona. Ni ulinzi kwa mtoto, na ni ulinzi kwa mwalimu pia. Mtoto hakubaki peke yake. Wa mwisho kuchukuliwa alikaa na jirani au mjukuu wa Ticha.

Kuhusu sheria, ujue mpaka uko wapi. Sheria ya elimu ya mwaka 2008 inataka shule ya binafsi ipate leseni na kusajiliwa. Watoto wachache jioni, baada ya masomo yao ya shule, si shule. Lakini ukianza kupokea watoto saa za masomo, ukaweka kibao chenye jina, ukaajiri msaidizi na kukusanya watoto thelathini, hutaweza kumshawishi ofisa wa elimu kwamba ni baraza tu. Wizara nayo imekuwa ikizikataza shule kufundisha wakati wa likizo, na ingawa baraza lako si shule, usitafute maneno: likizo ikianza, funga nawe upumzike. Ticha alifanya hivyo, na magoti yalimshukuru.

Saa aliyochagua ilikuwa kumi na moja hadi kumi na mbili jioni, Jumanne na Alhamisi, na Jumamosi asubuhi. Jinja iko karibu na ikweta, jua huzama karibu saa moja mwaka mzima, kwa hiyo mtoto anafika kwao kungali na mwanga, na Ticha hahitaji kuchoma umeme wa Yaka.

Jaribio la kwanza ni la bure

Wengi huanza kufundisha siku ya kwanza, wakati ambapo mtoto angepaswa kupimwa tu. Ticha alimpa kila mtoto karatasi moja yenye hesabu nane, akakaa pembeni akitazama bila kusaidia. Nne kati ya hizo ndizo zilizobeba kazi:

```
52 − 27
40 − 17
503 − 168
5000 − 3600
```

Chukua mtoto wa kwanza, mvulana wa darasa la tano. Kwenye 52 − 27 akaandika 35. Jibu sahihi ni 25. Mtoto wa pili, msichana wa darasa la nne, naye akaandika 35. Mwalimu mwenye haraka angewawekea wote alama ya kosa na kuwafundisha pamoja, na angekosea, maana walifika kwenye 35 kwa njia mbili tofauti.

Hesabu ya pili ndiyo iliyowatenganisha. Kwenye 40 − 17, mvulana aliandika 37 na msichana akaandika 33.

Mvulana alikuwa akitoa ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu. Alipoona 0 juu na 7 chini akasema saba toa sifuri ni saba, kisha nne toa moja ni tatu: 37. Vivyo hivyo kwenye 52 − 27 alisema saba toa mbili ni tano. Kwake, namba ni safu za tarakimu zisizohusiana. Msichana alijua kwamba lazima achukue kumi kutoka safu ya makumi, akapata kumi toa saba ni tatu. Lakini alisahau kupunguza yale makumi manne kuwa matatu, akatoa moja kwenye nne: 33. Yeye wazo analo, kilichokatika ni utaratibu.

Ukitaka uthibitisho, tazama 503 − 168. Wa kwanza ataandika 465, wa pili 445. Jibu ni 335. Yupo na mtoto wa aina ya tatu, anayeandika 24 au 26 kwa hesabu ya kwanza na kutumia muda mrefu. Huyo anahesabu vidole chini ya meza na anateleza kwa kimoja. Anaelewa, anachokosa ni kuzijua kwa moyo jozi za namba zinazofika kumi.

Hesabu ya nne Ticha aliiuliza mara mbili, kwanza kwa mdomo: "Nimekutuma dukani na noti ya 5,000, umenunua sabuni ya 3,600. Unaniletea chenji ngapi?" Mvulana alijibu 1,400 papo hapo. Kwenye karatasi, namba zilezile, aliandika 2,600. Huyu si mtoto mjinga. Watafiti waliokaa na watoto wachuuzi wa mjini Recife, Brazili, waliandika jambo hilohilo mwaka 1985: watoto walipiga hesabu za biashara vizuri sokoni, na zilezile zikawashinda walipopewa kalamu. Kwa Ticha hiyo ilikuwa habari njema, kwani ilimaanisha kwamba mtoto tayari anajua kutoa, kinachotakiwa ni kuiunganisha akili ya dukani na kalamu.

Baada ya jaribio aliita wazazi mmoja mmoja akawaonyesha karatasi. Mzazi akioneshwa kosa lilipo, na sababu yake, haulizi tena kama Ticha anaweza kazi. Karatasi hiyo Ticha aliihifadhi, maana itahitajika tena mwishoni.

Kufundisha kutoa bila kalamu

Vifaa vyake vilikuwa vijiti vya ufagio vilivyokatwa urefu wa kidole, raba bendi, sarafu za shilingi 100 na noti chache za 1,000. Vijiti kumi vinafungwa kuwa kicha. Vicha kumi vinafungwa tena kuwa mzigo mmoja wa mia.

Mtoto anaanza na 52: vicha vitano, vijiti viwili. Anaambiwa atoe 27. Vijiti saba havipo, viko viwili tu. Hapo Ticha hunyamaza. Kunyamaza huko ni kugumu kwa mwalimu kuliko kufundisha, ila lazima mtoto mwenyewe afungue kicha kimoja. Akishafungua ana vicha vinne na vijiti kumi na viwili. Anaondoa saba, vinabaki vitano. Anaondoa vicha viwili, vinabaki viwili. Ishirini na tano. Yule msichana aliyesahau kupunguza makumi hawezi kusahau hapa, kwa sababu kicha alichokifungua hakipo tena mahali pake.

Noti inasema jambo hilohilo kwa lugha ya duka: huwezi kumpa mtu 300 ukiwa na noti ya 1,000 tu, kwanza uivunje upate sarafu kumi za 100. Mvulana wa mfano wetu alielewa kwa noti kabla ya vijiti.

Maelezo yote alitoa kwa Kiswahili, ingawa darasani mtoto anafundishwa kwa Kiingereza. Ukisema "kumi na mbili" mtoto anasikia kumi moja na mamoja mawili ndani ya jina lenyewe. Baadaye ndipo alimfundisha kuisema hesabu hiyo kama atakavyoulizwa shuleni.

Kalamu huingia pale tu mtoto anapofungua kicha bila kuambiwa, mara kadhaa mfululizo. Kisha anaandika kila alichofanya kwa mkono: 5 inakatwa inakuwa 4, na 2 inakuwa 12. Daftari liwe la miraba, tarakimu moja kwa kila mraba, kwa sababu makosa mengine ya kutoa ni ya kupanga safu vibaya wala si ya akili.

Sifuri ya katikati ndiyo mlima. Kwenye 503 − 168 mtoto anahitaji kijiti, anakwenda kwenye makumi, hakuna kitu. Inabidi aende kwenye mamia, afungue mzigo mmoja apate vicha kumi, kisha afungue kicha kimoja apate vijiti. Sasa ana mamia manne, makumi tisa na mamoja kumi na tatu. Kumi na tatu toa nane ni tano, tisa toa sita ni tatu, nne toa moja ni tatu: 335. Ahakiki kwa kujumlisha 335 + 168. Ikirudi 503 amepata. Mlima huu upewe siku zake peke yake. Ukiuchanganya na hesabu nyepesi, mtoto atakariri kwamba "sifuri inakuwa tisa" na ataiandika tisa hata kwenye 40 − 17. Ukiona hivyo, rudi kwenye vijiti bila kumgombeza.

Saa moja yake iligawanyika hivi: dakika kama kumi za jozi za namba kwa mdomo, nusu saa ya vijiti au maandishi kulingana na alipofika kila mtoto, na zilizobaki kila mmoja kuleta daftari akaeleza hesabu moja kwa sauti. Ticha aliketi kwenye kiti, watoto ndio waliomwendea. Hakupanga watoto kwa darasa la shuleni bali kwa kosa lao. Wa la tano na wa la nne wakiwa na tatizo moja walikaa mkeka mmoja, na alionya mapema kwamba anayecheka mwenzake atakwenda kukaa na vijiti upya.

Kazi za nyumbani za shule alizikataa, isipokuwa dakika chache za mwisho Jumamosi. Ukiziruhusu, baraza linageuka mahali pa kunakili majibu. Mtoto atapata vema nyingi kwenye daftari la shule na 37 yake itabaki palepale.

Bei na ukusanyaji

Bei aliyoweka ni shilingi 2,000 kwa kipindi. Vipindi vitatu kwa wiki ni 6,000, na wiki nne ni 24,000 kwa mtoto. Watoto wanane wangeleta 192,000. Lakini wawili kati yao walikuwa ndugu, na wa pili alimlipia nusu, hivyo hesabu ikashuka hadi 180,000. Mzazi mmoja alichelewa mwezi mzima, zikabaki 156,000. Karatasi, raba bendi, chaki na maji ya kunywa vikala 14,000. Mkononi: 142,000. Nakuonyesha mwezi wenye mapengo kwa sababu huo ndio mwezi wa kawaida. Ukipanga maisha kwa 192,000 utagombana na wazazi.

Wazazi wenye mshahara walilipa mwanzo wa mwezi. Wale wa mwalo wa Masese, wanaouza samaki, hupata fedha kwa siku na si kwa mwezi, kwa hiyo kwao alipokea 6,000 kila Jumamosi kabla ya wiki mpya. Kuwadai 24,000 kwa mpigo kungewafukuza, na watoto wao ndio waliokuwa wakija bila kukosa.

Deni aliliandika kwenye daftari lake na kuliongelea na mzazi tu. Mtoto hatumwi deni. Jumamosi moja mama mmoja alisimama mbali na baraza, akasita.

"Ticha, shikamoo. Wiki hii ziwa limechafuka, sina kitu."

"Marahaba, mama. Lete nusu ukipata. Mtoto aje Jumanne kama kawaida."

"Na nyingine?"

"Tutaongea ziwa likitulia."

Wiki mbili aliweza kuzibeba. Zikizidi, alimwomba mzazi wakubaliane waziwazi: ama mtoto aje Jumamosi tu kwa 2,000, ama apumzike mpaka mambo yakae sawa. Alibeba mtoto mmoja bure kila muhula na hakumtangaza.

Walipotuma kwa simu, hakuharakisha kutoa. Kila ukitoa fedha kwa wakala unakatwa ada yake, na juu yake kuna kodi ya serikali ya asilimia 0.5 ya kiasi unachotoa. Ticha aliacha salio humo humo akalipia Yaka na muda wa maongezi, akatoa kilichobaki mara moja kwa mwezi.

Mahali baraza linapovunjika

Hatari kubwa ni kujaa. Mtoto wa kwanza akianza kupata vema, muhula unaofuata wanakuja kumi na tano. Kipimo cha Ticha kilikuwa rahisi: ikiwa kipindi kimeisha na kuna daftari hata moja ambalo hakulisikiliza, watoto wamezidi. Kwake kikomo kilikuwa wanane. Waliozidi aliwaandika kwa zamu, na baadaye akafungua kundi la pili la watoto sita Jumatatu na Ijumaa. Kundi la tatu alilikataa, kwa sababu sauti ilianza kukatika Ijumaa jioni.

Hatari ya pili ni wadogo wa wanafunzi kuachwa hapo kama kwa yaya. Siku ya kwanza ni undugu, siku ya kumi ni kazi nyingine isiyolipwa. Sema mapema, kwa upole, kwamba mkeka ni wa wenye madaftari.

Wapo pia watoto ambao vijiti havitawasaidia. Mtoto anayenakili 68 kama 86 kila mara, au anayekunja uso akitazama ubao, mwambie mzazi ampeleke akapimwe macho kabla hujamtoza mwezi mwingine. Asiyeweza kuhesabu vitu ishirini bila kuruka, akiwa darasa la nne, hafai kwenye kundi. Anahitaji kukaa na mtu peke yake, na Ticha aliwaambia wazazi hivyo waziwazi.

Kuna na jambo linaloonekana kama hasara: mtoto akishajua kutoa na kugawanya, mwachie. Ticha alimpa ile karatasi ya siku ya kwanza, namba zikiwa zimebadilishwa, 61 − 38 badala ya 52 − 27, na akamkabidhi mzazi karatasi zote mbili. Mtoto anaondoka na 24,000 zake, lakini karatasi hizo zinatembea mtaani, na kwenye orodha ya zamu kuna mwingine anayesubiri.

Mwisho, kalenda. Mwaka wa shule huanza Februari, na wiki za mwanzo kila shilingi ya mzazi inakwenda kwenye ada, sare na madaftari. Usifungue baraza wiki hizo. Ticha hufanya majaribio ya bure wiki ya tatu ya muhula na kuanza kulipwa wiki ya nne, wakati walimu wa shule nao wamekwisha sahihisha madaftari ya kwanza na mzazi ameshaona mwenyewe alama nyekundu za makosa.